Barua ya Makka na Wajibu wa Mbebaji

Wengi wenu mmewahi kupokea ujumbe huu, na kama hamjaupokea basi utafika. Unaanza kwa jina la Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume huko Madina. Sheikh huyu, tunaambiwa, alilala usiku wa Ijumaa akamwota Mtume, naye akamwambia kwamba katika wiki iliyopita wamekufa watu maelfu kadhaa na ni wachache mno waliokufa wakiwa na imani. Zinafuata dalili za Kiyama, halafu onyo, halafu amri: nakili maneno haya uwapelekee wengine. Atakayeyasambaza atapata heri ndani ya siku chache. Atakayeyadharau yatamfika mabaya. Kwenye kundi la ukoo wetu la WhatsApp umeshapita mara mbili, na mara zote mbili aliyeuleta alisema umetoka Makka.

Katika makala hii nataka kuuliza swali moja tu kuhusu ujumbe huo, na si lile la kama ndoto ile ni ya kweli. Swali langu ni hili: neno likishasemwa kuwa limetoka Makka, tunapaswa kuliamini kwa sababu ya mahali lilikotoka, au kwa sababu ya watu lililopitia mikononi mwao? Swali hilo linaonekana dogo. Lakini katika historia yetu ya Afrika Mashariki liliwahi kuwatia watu kizuizini, na pia liliwahi kutujengea elimu ambayo bado inasomwa misikitini hadi leo.

Naishi Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini. Wageni wanakuja hapa kusimama kwenye mwamba na kutazama chini, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare inaanza karibu mita elfu moja chini ya miguu yako. Wanapiga picha wanaondoka. Ila ukikaa ukajua unachokitazama, kule chini ni Mazinde, na Mazinde palikuwa mlango. Semboja, mwana wa Kimweri ya Nyumbai, aliyashusha makao yake kule bondeni kwa sababu ndiko ilikopita njia ya misafara kutoka Pangani kwenda bara. Pembe za ndovu na watumwa walipita pale kwenda pwani, na nguo, bunduki na baruti zikapanda. Pamoja na mizigo hiyo ilipanda karatasi. Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 aliwakuta tayari Waislamu wa pwani karibu na mfalme, watu waliojua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Abdallah bin Hemedi, yule aliyetuandikia Habari za Wakilindi, alikuwa mmoja wa watu wa kalamu waliokaa kwa Semboja.

Kwa hiyo ukiuliza jinsi neno la Makka lilivyopata njia ya kufika huku mlimani, mtazame msafiri akitembea kinyumenyume. Kutoka Usambara anashuka Mazinde. Kutoka Mazinde anakwenda Pangani au Tanga. Kutoka pwani anapanda jahazi, na baadaye meli, kwenda Unguja, kisha Adeni, kisha Jidda. Kila kituo kina mji wenye msikiti, na kila msikiti una mtu aliyesoma kwa mtu aliyesoma mbali zaidi. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, siku nyingi za kutembea zilipungua, lakini mnyororo ulibaki uleule. Hija ndiyo iliyokuwa ncha yake ya mbali kabisa. Ni mahali ambapo mtu wa Lamu aliweza kukaa duara moja na mtu wa Malabari, wa Java, wa Hadhramaut na wa Rasi ya Tumaini Jema, wote wakiwa na kitabu kilekile mapajani.

Sasa turudi kwenye barua.

Mnamo katikati ya mwaka 1908 barua hiyo ya Sheikh Ahmad, ikiwa imeandikwa kwa Kiarabu, ilianza kuonekana Lindi. Ikanakiliwa na kusomwa, ikahamia miji mingine ya pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani waliiita Barua ya Makka, ingawa barua yenyewe inajieleza kuwa imetoka kwa mtu wa Madina. Kosa hilo dogo la jina linatuambia kitu. Kwa aliyeipokea Lindi na kwa ofisa aliyeikamata, jina la mji halikuwa anwani. Lilikuwa muhuri.

Kumbuka hali ya Lindi wakati huo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na kusini kote watu walikuwa wametoka kwenye njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Watu wengi walikuwa wanaingia katika Uislamu kwa kasi ambayo serikali ilikuwa haijaizoea, na tariqa zilikuwa zinawakaribisha watu ambao zamani masharifu na mamwinyi wa mjini wasingewakalisha nao jamvi moja. Katika hali hiyo inafika karatasi inayosema dunia inakaribia mwisho, tubuni, acheni dhambi, jitengeni na wasioamini. Mtu aliyezika nusu ya ukoo wake hakuhitaji ushahidi mrefu kuamini kwamba dunia inakwisha.

Maofisa wa Kijerumani nao hawakuhitaji ushahidi mrefu. Walikuwa wameshtukizwa mwaka 1905 na maji ya Kinjekitile, hawakutaka kushtukizwa tena na karatasi. Waliona neno Makka wakasoma njama: kiti cha amri kiko Uarabuni, matawi yake yako Unguja, na mashina yako katika kila mji wenye msikiti. Watu wakakamatwa. Uchunguzi wao ukaelekeza kidole Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule tunayemjua zaidi kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyepigana na Wabelgiji katika eneo la Ziwa Tanganyika katika miaka ya tisini na baada ya kushindwa akaishia Unguja. Mtu wa namna hiyo alifaa kabisa kuwa mkuu wa njama. Alikuwa Mwarabu, aliyeshindwa, mwenye kinyongo na mwenye ndugu pwani nzima.

Lakini barua haikuwa mpya. Msomi wa Kijerumani Carl Heinrich Becker alipoichambua, aliweza kuonyesha kwamba ilikuwa inajulikana kwingine kabla ya kufika Lindi. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameshaiandikia makala mwaka 1884, akizungumzia nakala ya mwaka 1880 iliyozunguka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Yaani miaka karibu thelathini kabla ya Lindi, Sheikh Ahmad huyohuyo alikuwa ameshaota ndoto hiyohiyo, na maofisa wengine wa kikoloni wakaingiwa na wasiwasi wa namna hiyohiyo. Haikuwa amri iliyotumwa kutoka makao makuu kwenda kwenye tawi. Ilikuwa karatasi isiyo na mwenyewe, inayopanda chombo chochote kinachoelekea inakotaka kwenda. Njia ya mahujaji ilikuwa chombo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kila mwaka inakusanya watu wa kila pwani mahali pamoja kisha inawarudisha makwao.

Ukiangalia vizuri, mkazi wa Lindi na ofisa wa Lindi walikuwa na imani moja. Wote wawili waliamini kwamba neno limepata nguvu kwa sababu limetoka kule. Mmoja akatubu, mwingine akakamata. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya hadithi angeliuliza: wewe umeipata kwa nani, naye kwa nani, na huyo wa mwisho alimwona Sheikh Ahmad wapi?

Swali hilo halikuwa geni kwenye pwani yetu. Katika miaka hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo ya hija, vilikuwa vinapita vitu vingine ambavyo havikukubali kubebwa bila kuulizwa. Nitafuata kitabu kimoja tu, maana kinatosha.

Kitabu hicho ni Fat-hul Muin, cha fiqhi ya Kishafii. Wengi mliopita chuoni pwani mmekisoma au mmemsikia mtu akikitaja. Kiliandikwa na Zaynuddin al-Malibari katika karne ya 16, huko Malabari, pwani ya kusini magharibi ya Uhindi, ambako Waislamu waliishi kwa biashara ya pilipili. Kilifika Makka kwa miguu ya mahujaji na wanafunzi. Karne tatu baadaye, katika Msikiti wa Makka, mwalimu mmoja aitwaye Sayyid Abubakar Shatta alikuwa anakisomesha. Kila alipofika mahali pagumu aliandika maelezo pembeni mwa ukurasa, mengine ya kwake, mengine ya walimu wake, hasa Ahmad Zayni Dahlan aliyekuwa mufti wa Kishafii wa Makka. Maelezo hayo ya pembeni yakazidi kuwa mengi mpaka yakawa kitabu chenyewe cha juzuu nne, Ianatu Talibin, maana yake msaada wa wanafunzi. Kikapigwa chapa Misri na kusambaa.

Miongoni mwa waliosoma kwa Shatta huko Makka alikuwamo kijana kutoka Lamu aitwaye Abdallah Bakathir. Alizaliwa karibu na mwaka 1860, akasoma kwanza kwa masheikh wa Lamu. Rafiki na mwalimu wake alikuwa Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi Unguja. Huko Makka, Bakathir alisoma pia kwa Muhammad Said Babsel, aliyeshika umufti wa Kishafii baada ya Dahlan, na kwa Umar Bajunayd. Aliporudi akakaa Unguja, na darsa yake ya Ukutani ikawa mahali ambapo watu wa mrima, Ngazija, Barawa na Mombasa walikutana. Hata Cape Town ilifika. Muhammad Salih Hendricks, kijana wa Rasi aliyekwenda Makka kusoma kwa walimu walewale, alipitia Unguja alipokuwa anarudi kwao, na mwaka 1920 akafungua msikiti wa Azzawia mjini Cape Town. Bakathir na Ibn Sumayt walifariki wote wawili mwaka 1925.

Sasa angalia Bakathir alirudi na nini. Alirudi na vitabu, bila shaka, lakini kitabu cha chapa unaweza kukiagiza kutoka Misri bila kuhiji. Kitu ambacho usingeweza kukiagiza ni ijaza. Ijaza ni ruhusa. Mwalimu anasema: fulani amenisomea kitabu hiki, nimemsikia, nami nampa ruhusa akisomeshe kama nilivyopewa ruhusa na fulani, aliyepewa na fulani, mpaka kwa mtunzi. Ni orodha ya majina tu. Lakini kila jina ni la mtu anayejulikana alikoishi na alikofia, aliyekuwa na wanafunzi wengine wanaoweza kuulizwa. Mtu wa Unguja akitilia shaka usomaji wa Bakathir, angeweza kumwandikia mwenzake wa Hadhramaut aliyesoma duara moja naye. Ndiyo maana nasema Makka, katika biashara hii ya elimu, haikuwa kisima. Ilikuwa njia panda. Malabari iliandika, Makka ikafafanua, Misri ikachapa, Unguja ikasomesha. Ubora wa Makka ulikuwa kwamba pale watu hawa walionana uso kwa uso, na mtu uliyeonana naye uso kwa uso unaweza kumuuliza.

Fatwa nazo zilipita kwa namna hiyo. Mwenye swali aliliandika, akampa hujaji au mwanafunzi anayesafiri, na mufti akajibu chini ya karatasi ileile au juu ya karatasi nyingine. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hufikiri kosa la fatwa hutoka kwa mufti. Mara nyingi hutoka kwenye swali.

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa huku kwetu. Mtu wa Usambara, zama za Semboja, amesilimu na anataka kutoa zaka ya fitri mwisho wa Ramadhani. Amesikia kwamba kila kichwa ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji. Anaandika swali: je, tutoe chakula kikuu cha kwetu? Mufti wa Makka akijibu kwa msingi wa madhehebu ya Shafii atasema ndiyo, toeni chakula kikuu cha mji wenu. Jibu ni sahihi na linatoka Makka. Likifika mlimani litawapotosha watu. Kwa nini? Kwa sababu chakula kikuu cha Wasambaa wa zamani kilikuwa ndizi, na fiqhi ya Kishafii inataka fitri itoke katika kile chakula kinachotozwa zaka wakati wa mavuno: nafaka, kunde za kuhifadhiwa, tende, zabibu. Ndizi haimo. Watu ambao chakula chao hakimo katika orodha hiyo hutazama mji ulio karibu nao wakatoa cha kule, mahindi au mtama wa bondeni kwa mfano. Mufti hakukosea. Yeye hakuambiwa neno ndizi. Aliyekaa Makka hajui kwamba kuna mlima ambao watu wanashiba kwa ndizi, mpaka aje mtu wa mlima huo amwambie.

Hapo ndipo mbebaji anapokuwa na kazi. Anayebeba swali akiwa tarishi tu, atarudi na jibu la maneno yaliyoandikwa. Akiwa mwanafunzi anayeifahamu Fat-hul Muin na anaujua mlima, mufti akimuuliza, chakula chenu ni nini, atajibu. Kisha akirudi ataweza kueleza jibu linahusu nini na halihusu nini. Fatwa bila mbebaji wa namna hiyo ni kama dawa iliyofika bila maelezo ya daktari. Dawa ni ya kweli, lakini mgonjwa siye aliyekusudiwa.

Naona sasa msomaji mmoja anakunja uso, na ana haki. Atasema: unasifia ijaza, lakini ijaza ilikuwa ya nani? Ni kweli. Majina katika minyororo ile ni ya wanaume, wengi wao wa koo zinazojulikana, masharifu wa Hadhramaut na familia zilizoweza kumpeleka mtoto Makka akakaa miaka. Mjakazi wa Lindi hakuwa na mwalimu wa kumpa ijaza. Mkulima wa kusini aliyeingia dini baada ya vita hakuweza kusoma Fat-hul Muin. Barua ya Sheikh Ahmad haikumwomba ukoo wala miaka kumi ya kusoma. Ilimwambia: wewe pia umeandikiwa, na wewe pia una kazi. Nakili, peleka. Kwa mara ya kwanza pengine, mtu huyo akawa sehemu ya njia ya Makka bila kupanda chombo. Mimi siwezi kumcheka, na sioni vema wasomi wa leo wanapomtaja kama mjinga aliyedanganywa. Alikuwa na njaa ya neno, na walionalo walikuwa wamelifungia chumbani.

Hata hivyo, tazama barua ilimpa nini na ikamnyima nini. Ilimpa nafasi ya kubeba, ikamnyima nafasi ya kuuliza. Ile laana iliyo mwishoni mwa barua si pambo. Ndiyo mashine yenyewe. Imewekwa pale ili mpokeaji asikae na karatasi akaifikiria, maana kila saa anayofikiria ni saa ambayo mabaya yanamkaribia. Ijaza ni kinyume chake kabisa. Inakuchelewesha makusudi. Inasema huwezi kubeba mpaka usome, huwezi kusoma mpaka usikilizwe, na ukishabeba jina lako litaandikwa kwenye mnyororo, ukikosea utajulikana ni wewe. Barua ina mamia ya wabebaji na hakuna hata mmoja mwenye jina. Jina pekee lililomo ni la mwotaji, na yeye hapatikani. Ndiyo maana hata hesabu ya waliokufa hubadilika nakala kwa nakala bila mtu kuona haya: hakuna wa kuulizwa.

Je, njia ya hija iliwahi kujisahihisha yenyewe? Ndiyo, na hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Rashid Rida, mhariri wa gazeti la Al-Manar huko Kairo, ambalo lilikuwa na wasomaji hata Unguja na Mombasa, aliwahi kuulizwa kuhusu wasia huu wa Sheikh Ahmad. Akajibu kwamba ni wa uongo, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiuona tangu utotoni alipojifunza kuandika. Miaka mingi baadaye Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia akaandika risala ya kuupinga. Risala hiyo imeunganishwa na nyingine tatu katika kijitabu kidogo cha kuonya juu ya uzushi, na kijitabu hicho kimegawiwa bure kwa mahujaji kwa wingi mno. Kwa hiyo barabara ileile iliyobeba barua ikabeba na jibu lake. Inawezekana kabisa hujaji mmoja akarudi nyumbani na vyote viwili kwenye begi moja.

Kinachonigusa katika risala ya Bin Baz ni hatua moja ndogo, ambayo ni rahisi kuiruka. Hoja zake nyingi ni za kielimu: ndoto haileti sheria, na msimulizi lazima ajulikane kwa uadilifu na kwa kumbukumbu. Lakini anaeleza pia kwamba waliulizwa ndugu wa huyo Sheikh Ahmad, nao wakasema amesingiziwa, hakusema hayo kabisa, na kwamba ameshafariki zamani. Hebu fikiria. Karatasi iliyofika Java mwaka 1880, ikatikisa Lindi mwaka 1908, ikawatia watu ndani, ikatafutwa kwa Rumaliza, ikaandikiwa makala na wasomi wa Ulaya. Na dawa yake ilikuwa kwenda kwa watu wa nyumbani kwake kuuliza: huyu mtu wenu amesema hivi? Uchunguzi huo hauhitaji shahada wala serikali. Unahitaji mtu aliye karibu na chanzo, mwenye nia ya kuuliza kabla ya kubeba.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba mahali hapatoshi. Makka iliwapa watu wa pwani yetu, na wa mlima huu, kitu kikubwa, lakini ilikitoa kwa sababu ilikutanisha watu waliokubali kuulizwa. Neno lililopita kwa watu wa namna hiyo lilikuwa na thamani hata kama liliandikwa Malabari. Neno lililowakwepa halikuwa nayo hata kama lilidai kutoka pembeni mwa kaburi la Mtume. Na wajibu huu hauwaangukii masheikh peke yao. Mtu anaponakili, hata kwa kidole kimoja kwenye simu, ameshajiingiza kwenye mnyororo, tofauti ni kwamba hajaandika jina lake. Kuwa na haki ya kubeba bila kuwa na wajibu wa kujibu ndiyo anasa ambayo barua ile iliwapa watu, na ndiyo iliyowagharimu wale wa Lindi, maana walipoulizwa na polisi hawakuwa na mtu nyuma yao wa kumtaja.

Kuna deni pia upande wa pili. Walio na ijaza, na leo ningeongeza walio na shahada, kama hawatashuka kutoka darsani kwenda kwa mwenye njaa ya neno, wasishangae akila anachopelekewa. Fat-hul Muin ilichukua karne tatu kutoka Malabari hadi Makka hadi Ukutani. Barua ya Sheikh Ahmad ilihitaji msimu mmoja tu wa pepo kuienea pwani nzima. Tofauti hiyo ya mwendo haitaondoka, na sioni kwamba inafaa kuitibu kwa kuwafanya wote waende mbio.

Huku kwetu hujaji akirudi, watu hupanda kilima kwenda kumpokea, na swali la kwanza ni ameleta nini: maji ya zamzamu, tende, tasbihi, kijitabu. Ni swali zuri na lina furaha yake. Nadhani tungefanya vema kumpa siku mbili tatu apumzike, kisha tukarudi na swali la pili, la kile kijitabu: hiki ulikipata kwa nani, na je, ulimwuliza?